Dhambi ya Eli Dukani Kwetu

Tunapohubiri juu ya Hofni na Finehasi, mara nyingi tunawageukia vijana. Tunawaonya wasiwe wakorofi kama wana wa kuhani, kisha tunafunga Biblia na kwenda nyumbani. Tunasahau jambo moja lililo wazi kabisa katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mtu wa Mungu alipotumwa kwenda Shilo kuleta hukumu, hakutumwa kwa vijana wale. Alitumwa kwa baba yao.

Makala hii haiwahusu sana vijana wanaosumbua wafanyakazi katika biashara za wazazi wao. Hao dhambi yao inajulikana, na jina lake halina utata. Inawahusu zaidi wale wanaojua. Namaanisha baba mwenye duka, mama mwenye hoteli, mume anayejua tabia ya mkewe kwa vijana wa kiume wanaopakia mizigo, na pia sisi wachungaji na wazee wa kanisa tunaoletewa malalamiko baada ya ibada. Nasema kwamba mwenye biashara anayemkemea ndugu yake na kumwacha na funguo mkononi ameshachagua upande. Na kanisa linalomwambia mfanyakazi avumilie limechagua upande huo huo.

Nitaeleza kisa kimoja ambacho mimi mwenyewe nilishiriki, na nilishiriki vibaya. Mahali na majina nimeyaficha, kwa sababu binti anayehusika anastahili kuishi kwa amani.

Alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, duka la familia kama yalivyo mengi katika miji yetu. Baba ndiye mwenye leseni, mama anashika mahesabu, mjomba anaendesha gari la mizigo, na watu wa nje wachache wanauza na kupakia. Binti huyu aliipata kazi kupitia kwaya. Mama yake mzazi na mke wa mwenye duka walikuwa wakiimba sauti moja. Mshahara wake ulikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi, na kwa pesa hiyo alikuwa akimsomesha mdogo wake.

Mwaka wake wa pili kazini, mtoto wa kiume wa tajiri alirudi kutoka chuoni. Hakupewa cheo chochote. Hakuwa meneja wala karani, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya mishahara. Alipewa funguo tu: ya mlango wa nyuma, ya stoo, na ya droo ya pesa. Kila Jumamosi duka lilipofungwa alimwambia binti abaki ili wahesabu mali stoo, wawili peke yao. Ndani ya stoo akaanza maneno, kisha kumshika. Usiku alituma ujumbe kwenye simu ya duka, ile ambayo binti alilazimika kukaa nayo kwa ajili ya wateja, hivyo hakuweza kuizima.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu hiki ndicho kiini cha tatizo katika biashara za familia, na watu wengi hawakioni. Msimamizi wa kawaida ana cheo, na cheo kina mipaka. Akikosea, yupo aliye juu yake, na ipo barua inayosema kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Mtoto wa bosi hana cheo, kwa hiyo hana mpaka. Akiagiza, unatii kwa sababu ya baba yake. Akilalamikiwa, familia inasema, "Huyu si mfanyakazi hapa, ni mtoto tu, msimtilie maanani." Ana mamlaka yote wakati wa kuamuru, na hana wajibu wowote wakati wa kuulizwa. Na mahali pa kupeleka malalamiko ni kwenye meza ile ile anayokula chakula cha jioni.

Binti alikuja kwangu. Alinisubiri nje ya ofisi ya usharika mpaka watu wote walipoondoka, akanisalimu, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, naomba uniombee nipate kazi nyingine." Nilipomuuliza kulikoni, akaeleza robo ya mambo. Nilielewa hiyo robo tatu iliyobaki. Nikafungua Mathayo 18, nikamwambia Bwana wetu ameelekeza kwamba ndugu akikukosea, nenda ukamwonye ninyi wawili peke yenu. Nikamwombea. Nikaona nimefanya kazi yangu vizuri.

Akaenda akamwonya, wakiwa wawili peke yao, kama nilivyomwelekeza. Mwezi ule ule ndipo shoti zilipoanza.

Kwa msomaji asiyeijua kazi ya kaunta, shoti ni upungufu wa pesa jioni, pale hesabu ya risiti inapozidi fedha zilizo kwenye droo. Katika maduka mengi keshia huifidia kwenye mshahara wake. Mwezi wa kwanza ilitokea shoti ya shilingi 35,000. Mwezi wa pili ikawa 60,000. Mwezi wa tatu ikawa 90,000. Katika miezi mitatu binti alikatwa shilingi 185,000, na duka zima likajifunza kumwita mwizi kwa sauti ya chini. Yeye alijua kinachofanyika. Kijana alikuwa akifika kaunta mchana, anafungua droo kwa funguo yake, anachukua pesa na kusema ataandika baadaye. Hakuandika. Binti akaanza kuandika yeye, katika kijidaftari kidogo: tarehe, saa, kiasi. Siku zote zenye shoti zilikuwa siku ambazo kijana alipita kwenye droo. Siku ambazo kijana alisafiri, hesabu ililingana mpaka shilingi ya mwisho.

Ndugu msomaji, hadithi hii unaifahamu. Iko katika Mwanzo 39. Yusufu alikuwa mtumishi mwaminifu katika nyumba ya Potifa, na aliyemsumbua hakuwa bosi bali mke wa bosi. Alimsumbua siku baada ya siku. Yusufu alikataa kwa maneno, kisha akajaribu kukwepa hata kuwa karibu naye. Kisha ikafika siku ambayo hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Yusufu akakimbia, vazi likabaki mkononi mwa mwanamke, na vazi hilo likawa ushahidi dhidi yake. Potifa alisikia upande wa familia, akaona vazi, akakasirika, Yusufu akaenda gerezani.

Shoti ya binti huyu ilikuwa vazi la Yusufu. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: anayekataa hafukuzwi kwa sababu amekataa. Hutengenezewa kosa. Atapata shoti, au mali itapotea katika zamu yake, au atasemwa kuwa ana kiburi kwa wateja. Kwa hiyo mwenye biashara anayeona mfanyakazi mwaminifu wa miaka miwili ameanza ghafla kuharibikiwa hesabu, kabla hajauliza amekuwa mwizi lini, aulize ni nani mwingine ana funguo ya droo. Na tuliangalie jambo jingine tunaloliruka: Yusufu alikuwa mwanamume. Wapo vijana wa kiume wanaosumbuliwa na wake wa matajiri wao, na wakisema wanachekwa, wanaambiwa wana bahati. Biblia haikumcheka Yusufu.

Mwishowe binti alimwambia mama mwenye duka. Naye, nataka nimtendee haki, hakunyamaza. Alimwita mwanawe mezani mbele ya baba yake, akamgombeza kwa maneno makali. Kijana akaomba radhi huku akitabasamu. Mama akamwambia binti, "Mwanangu, nimeshamsema, hatarudia." Kesho yake asubuhi kijana alifungua mlango wa nyuma kwa funguo yake ile ile.

Sasa turudi Shilo, 1 Samweli 2. Pale kulikuwa na kazi ya familia pia, maana ukuhani ulirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu na kuchota nyama ya watu waliokuja kutoa dhabihu, na aliyekataa alitishiwa kunyang'anywa kwa nguvu. Mstari wa 22 unaongeza kwamba vijana wale walilala na wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Wanawake hao walikuwa kazini. Hatuambiwi majina yao, wala hatuambiwi kwamba kuna mtu aliyewauliza neno lolote.

Eli alisikia yote. Na Eli alikemea! Mistari ya 23 hadi 25 ni hotuba ya baba aliyeumia, yenye maneno mazito kuhusu Mungu na hukumu. Kama kukemea kungetosha, Eli angehesabiwa haki. Lakini baada ya hotuba ile Hofni alibaki kuhani, na Finehasi alibaki kuhani, na wanawake walibaki mlangoni. Ndipo Mungu akasema, katika mstari wa 29, kwamba Eli amewaheshimu wanawe kuliko yeye. Na katika sura ya 3 mstari wa 13 kosa linatajwa kwa uwazi: alijua, na hakuwazuia. Mungu hakumhukumu kwa kukosa maneno. Alimhukumu kwa sababu mamlaka ya kuwaondoa yalikuwa mikononi mwake na hakuyatumia.

Hapo ndipo wazazi wengi Wakristo wenye biashara wanapojidanganya. Wanapima uzito wa kukemea kwa maumivu waliyoyapata wao wenyewe. Mama yule alilia usiku ule, na mimi naamini machozi yake. Lakini machozi hayakubadilisha ratiba ya Jumamosi. Kipimo si umesema nini, kipimo ni nani amehama. Baada ya malalamiko, kama aliyehama ni mfanyakazi, akabadilishiwa zamu, akapelekwa tawi la mbali, akapewa likizo isiyo na malipo, basi wewe ni Eli. Kama aliyehama ni ndugu yako, umeanza kutubu.

Nirudi kwa binti. Baada ya shoti ya tatu alishindwa. Mmoja wa wazee wetu wa kanisa, kwa nia njema, alimshauri aandike barua ya kuacha kazi na kutaja sababu za kifamilia, ili asivunje heshima ya nyumba ile wala ya mama yake mzazi katika kwaya. Akaandika hivyo. Sisi tukaandaa kikao cha upatanisho. Mara baba alikuwa safarini, mara mimi nilikuwa na semina ya jimbo, mara ilikuwa wiki ya mavuno. Tulikaa siku ya 41 baada ya yeye kuacha kazi. Tulimkalisha kiti kinachotazamana na kijana. Kijana akasema kama kuna mtu amekwazika anaomba msamaha. Tukamgeukia binti, tukasubiri. Akasema amesamehe. Tukasali, tukanywa chai.

Kijidaftari kilikuwa ndani ya mkoba wake muda wote. Hakuna aliyemuuliza kama ana ushahidi. Nilikiona baadaye, aliponiletea aniulize kama akichome.

Miezi michache baadaye mshiriki mmoja wa usharika, mwanasheria, alinieleza tulichofanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi kama ya jinsia kuwa ni ubaguzi, na inaukataza. Kifungu cha 36 kinasema mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi ile isivumilike, hilo nalo huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, kanuni ya 7, zinataja kati ya sababu hizo unyanyasaji wa kingono, na pia kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya unyanyasaji huo. Sikiliza hapo: kushindwa kumlinda. Sheria ya nchi inasema jambo lile lile Mungu alilomwambia Eli. Haiulizi tu nani alishika. Inauliza pia nani alijua na hakuzuia.

Lakini mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayechelewa hulazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa kwake, na anaweza kukataliwa. Sisi tulikaa siku ya 41. Na kama angekwenda, angekwenda na barua aliyoiandika kwa mkono wake, inayosema aliacha kwa sababu za kifamilia. Hata zile shoti, kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinadai mengi kabla ya kumkata mtu kwa hasara: awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi kiasi na sababu, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 250,000 ni 62,500. Shoti ya mwezi wa tatu ilikuwa 90,000. Hata kama hasara ingekuwa ya kweli, makato yale yalikuwa kinyume cha sheria. Katekisimu inaliita jambo hilo kwa jina fupi zaidi. Linaangukia Amri ya Saba, Usiibe.

Kwa hiyo uvumilivu tuliomhubiria ulikuwa na gharama, na sisi hatukuilipa.

Sasa nijibu yale ambayo nayasikia yakisemwa, maana mengine niliyasema mimi.

Wapo wanaosema Mathayo 18 imeagiza kwenda peke yako. Ndiyo, inaagiza ndugu kwa ndugu. Lakini soma sura yote. Inaanza na mtoto mdogo aliyesimamishwa katikati, na onyo la jiwe la kusagia kwa anayemkwaza mmoja wa wadogo. Hatua ya kwenda peke yako ni kumpa mkosaji nafasi ya kutubu bila aibu. Haikuwekwa ili kumrudisha aliyeumizwa chumbani kwa anayemuumiza. Keshia na mtoto wa tajiri ndani ya stoo si ndugu wawili walio sawa, kwa sababu mmoja ana mshahara wa mwenzake mkononi. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria, Mungu hakumtuma Bathsheba aende peke yake kumwonya mfalme. Alimtuma Nathani. Kazi ya kwenda ilikuwa yangu mimi mchungaji, nami nilimtwisha binti.

Wapo wanaosema Amri ya Nane inatukataza kumchafulia jirani jina. Ni kweli, na katika Katekisimu Ndogo tumejifunza kumtetea jirani na kumnenea mema. Lakini Luther huyo huyo, katika Katekisimu Kubwa, anatofautisha umbea na wajibu wa wale waliopewa ofisi ya kuamua mambo, na anasema dhambi iliyo hadharani inaweza kukemewa hadharani. Tena katika Amri ya Tano anafundisha kwamba anaivunja pia yule aliyekuwa na uwezo wa kumkinga jirani asidhuriwe na hakumkinga. Tunawezaje kukumbuka jina jema la mtoto wa tajiri na kusahau jina jema la keshia, aliyeitwa mwizi miezi mitatu?

Wapo wanaouliza: na kama binti anasingizia? Swali hili ni halali, na Yusufu anatukumbusha kwamba usingiziaji upo. Lakini mtazame aliyemsingizia Yusufu: alikuwa mtu wa familia ya bosi, naye ndiye aliyeaminiwa bila kuulizwa. Kumwondolea mtu funguo wakati jambo linachunguzwa si kumhukumu. Ni kusimamisha madhara hadi ukweli ujulikane. Kijana asiye na hatia atakaa mbali na duka mwezi mmoja, kisha jina lake litasafishwa na watu wa nje ya familia yake, nalo litakuwa safi kweli kweli. Asiyechunguzwa hasafishwi. Hufichwa tu.

Na wapo wasiosema neno, lakini wanatazama juu. Nami nilitazama juu. Paa la kanisa letu lina mabati 60 ya geji 28 yaliyotolewa na nyumba ile. Nilipokuwa namsikiliza binti siku ile ofisini, wazo la mabati lilinipitia. Sitasema lilinishinda. Lakini lilinipitia, na niliharakisha maombi. Enyi wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa, tusijidai. Familia ya Eli ilinona kwa sadaka za watu, na Mungu alilitaja hilo kwa jina katika mstari wa 29. Sadaka ya tajiri ni ya Mungu ikishatolewa. Ikiwa bado inatununulia ukimya, basi haijatolewa, imekopeshwa.

Basi mwenye biashara Mkristo afanye nini? Biblia inatupa mtu mwingine aliyekuwa na mali na wafanyakazi, naye ni Boazi. Katika Ruthu 2, siku ya kwanza kabisa mgeni yule alipoingia shambani, Boazi alikuwa ameshawaamuru vijana wasimguse. Hakusubiri malalamiko. Na Naomi, katika mstari wa 22, anaonyesha kwamba kila mtu alijua mashamba mengine yalikuwa na hatari. Boazi naye alijua, ndiyo maana alisema mapema. Tena angalia amri ya kutogusa aliitoa kwa nani. Hakuanza kwa kumfundisha Ruthu namna ya kuvaa au kujiheshimu. Aliwaamuru wanaume wake.

Katika duka la leo, amri ya Boazi ina sura ya kawaida tu. Ndugu wa familia ambaye hana kazi hapo asiwe na funguo hapo. Mwenye kazi aandikiwe kazi yake kama mtu mwingine yeyote, na mipaka yake isomwe mbele ya wafanyakazi. Pesa haitoki kwenye droo bila hati iliyosainiwa na anayeichukua, hata akiwa ni baba mwenyewe. Kuhesabu mali kufanywe mchana, na wasipungue watatu. Simu ya duka ilale dukani. Na wafanyakazi waambiwe jina la mtu mmoja asiye wa damu wala wa ndoa wa nyumba hiyo, ambaye wanaweza kumpelekea neno. Anaweza kuwa mhasibu wa nje, mwanasheria wa familia, au mwalimu mstaafu anayeheshimika. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaji.

Nasi usharikani, mfanyakazi akija na neno la namna hii, tusikilize mpaka mwisho, tumuulize kama ameandika lolote, na tumwambie alitunze. Asiandike barua ya kuacha kazi yenye sababu ya uongo kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine. Tumtajie zile siku 30 siku hiyo hiyo. Palipo na kushikwa kwa nguvu tumsindikize polisi, kwenye dawati la jinsia, maana hilo ni kosa la jinai na kikao cha wazee hakina mamlaka ya kulifuta. Na kwenda kuongea na mwenye duka twende sisi, wawili au watatu, yeye asiwepo.

Je, msamaha? Upo, nami nauhubiri kila Jumapili. Lakini mtu hasamehewi ili aendelee. Zakayo, katika Luka 19, aliposimama mbele ya Bwana alitaja kiasi: nusu ya mali, na mara nne kwa aliyedhulumiwa. Sisi katika kikao chetu hatukutaja hata zile shilingi 185,000. Tulidai msamaha kwa aliyekatwa pesa, na hatukudai pesa kwa aliyezichukua.

Mwaka jana nilikwenda kwa mwenye duka, nimechelewa sana, nikasoma naye 1 Samweli 2 hadi 4, mpaka pale Eli, mzee wa miaka 98, aliposikia kwamba wanawe wamekufa na sanduku la Mungu limetwaliwa, akaanguka kutoka kitini pake, shingo ikavunjika. Nikamwomba msamaha kwa kumsaidia kuwa Eli. Alikaa kimya. Baada ya wiki mbili alimtuma mkewe kwa binti na bahasha yenye 185,000, na barua iliyosainiwa inayosema hakuwa mwizi. Binti ameilaminisha barua ile. Pesa alizipokea, lakini kazini hakurudi, na mama yake mzazi bado haimbi.

Kijana yule siku hizi anafanya kazi katika duka la mjomba wake, mji mwingine. Sijui kama ana funguo. Mchungaji wa huko nimempigia simu.